Mfululizo wa Dada Yangu

Tarehe kumi na tisa Agosti, siku ya Jumanne, dada yangu alifariki katika wodi ya wanawake hapa Korogwe, na mimi sikuwepo kitandani pake. Nilikuwa nje, karibu na tanki la maji, nimeinua simu yake juu natafuta mtandao ili nimchukulie kapu lake la machungwa la siku hiyo. Si machungwa ya kula. Ni ya mchezo wa kwenye simu. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu ndilo nililolificha kuliko yote, na nisipoanza nalo nitalizunguka mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe ulitoka nyumbani kwangu. Binti yangu aliusoma huo ufundi chuoni, akarudi Kilole, mtaa wetu hapa Korogwe, akapanga chumba nyuma ya duka la steshenari pamoja na mwenzake, kijana wa Lutindi waliyesoma naye. Walitengeneza mchezo wa kupanga machungwa kwenye makreti. Ukiweka matatu ya rangi moja yanaingia kretini, ukijaza kreti unapata lori, lori likiondoka unapanda hatua. Ni mchezo mzuri. Nausema hivyo hata leo. Hauna matusi, hauna kamari, na mtu wa darasa la saba kama mimi anauelewa bila kuelekezwa.

Mimi ni fundi cherehani. Niliingia kwenye kazi yao kwa sababu ya lugha. Maneno waliyoyaandika wao yalikuwa makavu, kama tangazo la serikali ya mtaa. Binti yangu akaniambia, "Mama, wewe unajua kuongea na watu. Tuandikie vikumbusho." Vikumbusho ni zile meseji zinazotokea kwenye kioo cha simu hata kama hujaufungua mchezo, zikikuita urudi. Nikakaa na daftari langu la vipimo, upande mmoja mabega na viuno vya wateja, upande wa pili maneno ya kuwaita wachezaji.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila siku ukifungua mchezo unapewa kapu la bure. Siku ya pili kapu ni kubwa kuliko la kwanza, na siku ya saba unapewa kreti zima. Pembeni kuna taa ya chemli inayowaka, na chini yake namba ya siku ulizokuja mfululizo bila kukosa. Ukikosa siku moja, taa inazima, namba inarudi moja, na makapu yanaanza upya kutoka lile dogo. Siku inakatika saa sita usiku. Kama hujaingia, kikumbusho cha kwanza kinakuja saa moja jioni, cha pili saa tatu usiku. Na taa ikizima kuna kitufe cha kuiwasha tena kwa shilingi elfu moja.

Kijana wa Lutindi ndiye aliyenieleza kwa nini. "Mama, mtu akishafikisha siku thelathini haondoki. Sio kwamba anaupenda mchezo sana. Anaogopa kuipoteza ile thelathini."

Nilimwelewa. Nilielewa vizuri sana, ndiyo tatizo. Nilipokuwa naandika nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani, dada yangu. Niliyajua maneno ya kumtoa kitandani tangu tuko watoto Mnyuzi, kwenye nyumba za kambi ya mkonge walimofanya kazi babu zetu. Dada hakutishika kwa kiboko. Alitishika ukimwambia kuna kitu kitamwacha nyuma. Kwa hiyo niliandika: "Dada, umetusahau? Taa yako inakaribia kuzima." Na cha saa tatu: "Dada, zimebaki saa tatu. Usiiache taa yako ife." Kwa wanaume mchezo uliweka "Kaka". Yule kijana alipokisoma cha pili alipiga makofi.

"Mama, wewe ni hatari. Ungeuza maji mtoni."

Nilicheka. Nilijisikia msomi.

Dada aliolewa Handeni na mkulima wa Kizigua, akafuata dini ya mumewe, akakaa huko miaka yote. Hawakujaliwa mtoto. Sukari ilimshika, baadaye figo, na ikafika mahali shamba likawa ni kitu cha kuangalia kwa mlangoni. Mwanzoni mwa Februari binti yangu alimpelekea simu yenye mchezo. Dada akaupokea kama mtu aliyekuwa anasubiri kazi.

Namba ile aliitangaza. Nikimpigia, hata sijamaliza salamu, ananiambia, "Leo tisini na mbili." Shule aliishia darasa la tatu, alipotolewa kulea wadogo, mimi nikiwa mmoja wao. Hakuwahi kumaliza kitu chenye hesabu inayopanda. Umeme ukikatika kijijini alikuwa anampa mtu simu aipeleke dukani kwenye sola, na hatulii mpaka irudi. Shemeji alimtania, "Mke wangu ana mume mwingine, anaitwa Chungwa." Dada akamjibu, "Huyo angalau hanisahau."

Sitaki kudanganya kwamba mchezo ulimuua. Figo zilimuua. Na sitaki kudanganya kwamba haukumfurahisha. Ulimfurahisha. Ila ule mwezi wa mwisho nilianza kuona furaha imepungua na woga umebaki. Alipolazwa, kila jioni kitu cha kwanza kilikuwa, "Nishikie simu, nichukue kapu langu." Hakuwa akipanga machungwa tena, mikono ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anafungua, anachukua kapu, anaiona taa, anafunga. Jumatatu ilikuwa mia moja tisini na sita. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kisha akalala.

Jumanne hakusema kitu. Alikuwa anapumua kwa shida tangu asubuhi. Shemeji alikuwa amerudi Handeni kuchukua nguo na alikuwa njiani. Mimi niliona jioni inakuja na kapu halijachukuliwa. Kufungua kapu kunahitaji mtandao, kwa sababu mchezo hauiamini saa ya simu. Watu wangekuwa wanairusha tarehe mbele ili wapewe makapu. Siku hiyo ndani ya wodi mtandao ulikuwa haushiki. Nikamwambia dada, "Naenda kukuchukulia, narudi sasa hivi." Hakunituma. Nilijituma. Nilipata mtandao kwenye tanki, nikabonyeza, taa ikawaka, namba ikawa mia moja tisini na saba. Niliporudi muuguzi alikuwa ameshamfunika.

Tulimzika Handeni kesho yake. Jioni, wanawake tumekaa kwenye mikeka, simu ya dada ikalia kwenye mkoba wangu. Nikaitoa kuizima, lakini jirani yake aliyekuwa karibu alikuwa ameshakiona kioo. Akasoma kwa sauti, kwa nia njema, akidhani ni meseji ya rambirambi.

"Dada, umetusahau? Taa yako inakaribia kuzima."

Kisha mama mmoja akasema, "Yarabi, nani huyu asiye na adabu?" Mwingine akauliza kama ni mtu wa mkopo. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, na mkono ulioyaandika maneno yale ulikuwa umeishika simu.

Shemeji alikuwa nje na wanaume, akasikia, akaja mlangoni. "Inazima ikifanyaje?" Yule jirani akaukumbuka mchezo wa dada, akamweleza: kuna taa, ukikosa siku inazima, na namba yake yote inapotea. Shemeji akanyoosha mkono. "Nipeni." Akaonyeshwa pa kubonyeza. Mia moja tisini na nane. Siku ile simu haikurudi kwangu.

Nilirudi Korogwe kwenye cherehani. Nilijua anaendelea, kwa sababu alinipigia mara moja kuniambia taa inawaka. Alisema kama mtu anayekupa habari za mgonjwa. Ningeweza kumwambia aache. Ningeweza kumwambia binti yangu azuie vikumbusho kwenye simu ile, na ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini ningeanza kueleza, ningefika kwenye tanki la maji. Nikanyamaza wiki tano na zaidi.

Arobaini ilikuwa Jumapili. Nilifika Handeni Jumamosi mchana, nikamkuta shemeji amekaa peke yake kwenye benchi nyuma ya nyumba, simu juu ya goti. Ni mzee mrefu, mkimya, anasoma Kurani vizuri na Kiswahili polepole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Shemeji," akasema, "nimemzimia dada yako taa."

Akanipa simu. Chemli nyeusi, chini yake moja. Pembeni kitufe: "Iwashe taa yako. Shilingi elfu moja tu." Hilo neno "tu" niliongeza mimi.

"Ilikuwa mia mbili thelathini na tatu," akasema. "Sikukosa siku. Wallahi sikukosa."

Nikamwomba anieleze alivyofanya. Akanieleza taratibu, kama anatoa ushahidi. Kila siku alikuwa anafungua baada ya magharibi, kwa sababu siku mpya inaingia jua likizama, naye alitaka iwe kitu cha kwanza cha siku. Jumatano baada ya magharibi alifungua. Hiyo ilikuwa ya Alhamisi. Alhamisi jioni ulikuwa usiku wa Ijumaa, na watu wa msikitini walikuja kumsomea dada, simu akaiacha dukani kwenye sola. Hakuwa na wasiwasi. Ya Ijumaa angefungua Ijumaa yenyewe mchana, kabla jua halijazama, na alifungua baada ya swala. Akakuta giza.

Nilihesabu kwenye vidole. Kwa hesabu yake hakukosa hata siku moja. Kwa hesabu ya mchezo, Jumatano alikuja, Ijumaa alikuja, Alhamisi hakuonekana. Tulikaa watu watatu Korogwe kupanga siku ianze lini na iishe lini, wote wa kanisani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nusu ya majirani zetu siku yao huanza magharibi. Dada yangu mwenyewe aliishi kwa siku hiyo miaka thelathini.

"Hii elfu moja nilipe?" akauliza. "Ninayo."

"Usilipe."

"Nikilipa inarudi?"

"Inarudi. Usilipe, shemeji. Niachie mimi."

"Wewe utamwambia nani?"

Nikamwambia mchezo ni wa binti yangu, jambo alilolijua. Kisha nikamwambia maneno ni yangu, jambo ambalo hakulijua. "Lile la siku ya mazishi," nikasema. "Lile walilosema halina adabu. Niliandika mimi." Akasema tu, "Basi mwambie huyo mtoto airudishe namba ya mke wangu."

La tanki sikumwambia. Kesho yake tulisoma arobaini, tukala, nikarudi.

Jumatatu nilikwenda kwenye chumba cha nyuma ya steshenari. Wote wawili walikuwepo. Kijana wa Lutindi akasimama. "Shikamoo mama. Mbona leo umekuja na sura ya mdai kodi?"

Nikawaeleza yote ya shemeji. Binti yangu akafunika uso. Kijana akasema, "Hiyo ni rahisi, tunamrudishia. Kila kapu lililofunguliwa liko kwenye kumbukumbu zetu, siku na saa. Naandika namba, kwisha."

"Na wengine?" nikauliza.

"Wengine wapi?"

"Wengine ambao hawana mtu wao hapa Kilole."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "Mama, ile taa ndiyo inayotulisha. Ngoja nikuonyeshe." Akageuza kompyuta. Lilikuwepo jedwali lenye mistari: waliopakua mchezo, waliorudi kesho yake, waliorudi siku ya saba, waliorudi siku ya thelathini. "Tulipoweka taa, mstari huu ulipanda. Tukiitoa watatoka nduki, wote. Tutakula nini, machungwa ya kuchora?"

Binti yangu akamuuliza, "Wanaorudi wanacheza?"

"Wanarudi."

"Sijakuuliza hivyo. Wanacheza?"

Binti akavuta kompyuta kwake, akatafuta jedwali lingine. Lilikuwa la muda mtu anaokaa ndani. Wenye namba kubwa, wengi wao walikuwa wanafungua, wanachukua kapu, wanafunga. Chini ya dakika moja. Nililiangalia jedwali lile nikamwona dada amelala na mikono inatetemeka. Nikawaambia, "Hawa si wachezaji. Hawa ni wagonjwa wanaomeza dawa kwa saa."

"Mama, usitie chumvi," kijana akasema.

"Basi natoa maneno yangu. Yote. Mchezo ni wenu, maneno ni yangu."

Wakaelewa kwamba sifanyi mzaha. Kijana alikasirika, akatoka kununua maji, akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa na karatasi. Nampa haki yake: nusu ya mabadiliko aliyafikiria yeye, huku amenuna.

Ilituchukua Oktoba yote, na namba ya dada tukaiacha isubiri mchezo mpya, isije ikazimika tena. Taa haizimi tena. Namba ni ya siku ulizokuja, basi, ziwe mfululizo au ziwe zimeachana. Siku usiyokuja haihesabiwi, lakini haifuti zilizopita. Makapu saba yanafunguliwa kwa zamu. Ukifungua la tatu leo ukarudi baada ya wiki mbili, la nne linakusubiri palepale. Kitufe cha elfu moja kilitolewa, maana hakukuwa tena na kitu cha kuogopa ambacho tungeweza kukuuzia dawa yake. Kijana alisema hilo kwa uchungu, lakini alilisema mwenyewe.

Vikumbusho niliviandika upya. Sasa mchezo unakuuliza kwanza kama unataka kukumbushwa, na saa ngapi, na usipotaka haukuulizi tena. Ni kimoja kwa siku, hakizidi. Hakina dada wala kaka. Kinasema kilichopo: "Kapu la leo lipo. Litakuwepo hata kesho." Kijana alisema hicho si kikumbusho, ni ruhusa ya kutokuja. Nikamwambia ndiyo. Na vikipita vitatu bila wewe kufungua, mchezo unaacha kukuita. Hauagi, haulalamiki, unanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo nililolipigania zaidi. Mtu asiyejibu mara tatu ana sababu yake, na sababu nyingine ni ile niliyoibeba mimi kwenye mkoba siku ya mazishi.

Jedwali lilishuka. Siwezi kusema vingine. Wiki mbili za kwanza mstari ulianguka, kijana akawa haongei nami ila kwa salamu. Kisha ukasimama. Haujarudi ulipokuwa. Wanaobaki wanakaa ndani zaidi, wanajaza makreti, wanapandisha malori. Binti yangu anasema hao ndio wa kuwajengea. Meseji moja ilikuja kutoka kwa mama ambaye sisi hatumjui: alikuwa anauguza kwa wiki tatu, amerudi, kapu lake la tano alilikuta. Aliandika, "Asanteni kwa kuningoja." Kijana aliisoma mara mbili, akasema, "Haya." Nilitamani meseji ile iandikwe na mtu mwingine.

Kabla ya kwenda Handeni kumrudishia shemeji namba, binti alinifungulia kumbukumbu za simu ya dada ili tuandike namba sahihi. Orodha ndefu, kila mstari tarehe na saa. Saa zilikuwa za huko mashine zilipo, akaniambia niongeze tatu. Nilishuka na kidole mpaka tarehe kumi na tisa Agosti. Niliongeza tatu. Saa kumi na dakika thelathini na nne jioni. Muuguzi aliniambia dada alikata roho kama saa kumi na nusu.

"Mama mkubwa alikuwa ana nguvu ya kufungua siku hiyo?" binti akauliza.

"Hapana," nikasema. Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia. Hakulia, alinishika mkono tu, na aliendelea kuutazama ule mstari.

Tulikwenda pamoja Jumamosi iliyofuata. Shemeji alitupokea vizuri, akamwita binti yangu mhandisi, akamuuliza kama wahandisi wanakula ugali wa muhogo. Tulikula. Baada ya alasiri binti akaichukua simu, akaweka mchezo mpya, akamweleza baba yake mkubwa kwamba sasa hakuna kuzima, aje asije.

"Hata nikikaa mwaka?"

"Hata ukikaa mwaka, baba. Namba itakuwepo."

"Na siku inaanza lini?"

Binti akatabasamu. "Bado saa sita usiku. Ila hata ukiianza magharibi hupotezi kitu."

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa niandikie namba yake."

Binti akaniangalia. Nikajua ni zamu yangu. Nikasema, "Shemeji, kuna namba tatu. Mia mbili thelathini na tatu ni yake pamoja na zako. Mia moja tisini na saba ni ile uliyoikuta siku ya mazishi. Mia moja tisini na sita ndiyo yake mwenyewe."

"Hiyo moja katikati ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilikwenda nje kumchukulia kapu. Kwenye tanki la maji. Ndipo alipoondoka, na mimi sikuwepo. Sikuwahi kukwambia."

Shemeji aliitoa kofia, akaikunja, akairudisha kichwani.

"Nilijua," akasema. "Muuguzi aliniambia jioni ileile. Alisema, ndugu yake alikuwa nje na simu. Nilidhani unanipigia mimi."

Hakusema kwamba si kitu, wala kwamba amenisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo njia nzima, hayakuja.

Akamgeukia binti yangu. "Andika zake tu. Zangu toa. Za mama yako toa."

Binti akapiga simu Korogwe. Kijana alikuwa amekaa kwenye kompyuta anasubiri. Tukamsikia anauliza, "Una uhakika? Mia moja tisini na sita?" Akaandika. Binti akafungua mchezo upya, akamwonyesha shemeji. Chemli ndogo, inawaka, chini yake 196. Mchezo ukauliza kama anataka kukumbushwa. Shemeji akasoma polepole, midomo ikicheza, akabonyeza hapana mwenyewe.

Akaiweka simu dirishani. Jua likazama, akaenda kuswali, akarudi, akakaa kwenye benchi. Tulikuwa tunaaga. Ilipofika saa moja na kidogo aligeuka akaliangalia dirisha.

"Haijaita," akasema.

"Haitaita tena, shemeji."

Akaendelea kuangalia pale dirishani. Kisha akanyanyuka, akaichukua, akaibonyeza ili kioo kiwake, akahakikisha hakuna kitu, akairudisha.